Ukuta wa Jirani na Matawi Yaliyovuka Mpaka: Mwongozo Kamili kwa Wenye Viwanja Malindi na Lamu

Wengi wanaokuja kuniomba niwaandikie barua kuhusu ukuta au matawi ya jirani huwa tayari wamefanya moja kati ya mambo mawili: ama wameshika shoka, ama wamefungua kesi. Aliyeshika shoka hushangaa kuona kwamba yeye, aliyeonewa, ndiye anayeitwa kituo cha polisi. Aliyefungua kesi huambiwa, baada ya kumlipa wakili na kungoja miezi, kwamba mahakama haiwezi kumsikiliza kwa sasa. Makosa haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kwamba mpaka wenyewe haukuthibitishwa kabla ya kitu kingine chochote kufanywa.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuchukue kiwanja cha Barani, Malindi, chenye upana wa futi 50 na urefu wa futi 100, yaani takriban mita 15 kwa 30. Mwenye kiwanja ni mama anayeishi na wanawe. Jirani yake, mzee wa makamo, alijenga ukuta wa mawe mwaka 2016, na nyuma ya ukuta huo ana mwembe mkubwa ambao matawi yake yamevuka mita 3 na kulala juu ya bati la mama. Majani huziba mifereji inayopeleka maji ya mvua kwenye tangi, na mama anaamini kwamba ukuta nao umeingia kwake.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Andaa nakala ya hatimiliki yako pamoja na upekuzi rasmi wa karibuni kutoka daftari la ardhi, ule ambao wengi huuita sachi. Fanya upekuzi wa kiwanja chako na wa kiwanja cha jirani, kwa sababu mara nyingi anayeishi pale siye anayeandikwa kwenye daftari. Pata pia nakala ya ramani ya usajili inayoonyesha viwanja vyote viwili, au mchoro wa kipimo ikiwa kiwanja chako kilitolewa kwa mchoro wa namna hiyo.

Kwa upande wa ushahidi, utahitaji daftari la kuandikia tarehe, simu yenye kamera, utepe wa kupimia wa mita 30 au 50, na mtu mzima mmoja asiye wa nyumba yako ambaye atakubali kuwa shahidi. Weka risiti za kila kilichoharibika, hata zile ndogo za kumlipa fundi wa mifereji.

Kabla ya kulipia chochote, kuna swali la Pwani ambalo wageni hawalijui. Katika mitaa mingi ya Malindi zipo nyumba ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi, bali humlipa kodi ya ardhi mwenye shamba. Ipo pia minazi na miembe ambayo mwenyewe ni mtu mwingine kabisa, aliyeirithi bila kurithi udongo iliyosimama juu yake. Uliza mapema mti ni wa nani na ardhi ni ya nani, kwa sababu barua iliyoandikwa kwa asiyehusika ni barua ambayo haikuandikwa.

## Hatua ya 1: Tenganisha mzozo wa ukuta na mzozo wa matawi

Watu huuweka mzozo wote katika kapu moja, ilhali sheria inautazama kama mambo mawili yenye njia mbili na saa mbili tofauti.

Ukuta uliovuka mpaka ni suala la umiliki wa ardhi, na muda hufanya kazi kwa faida ya aliyeujenga. Kwa Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, kifungu cha 7, dai la kurudishiwa ardhi hufa baada ya miaka 12. Jirani aliyekalia kipande chako kwa uwazi, peke yake na bila ruhusa yako kwa muda huo wote anaweza kuiomba mahakama imwandikishe kuwa mwenye kipande hicho. Ukuta wa mfano wetu ulijengwa mwaka 2016, kwa hiyo mama ana hadi mwaka 2028, wala si zaidi.

Tawi ni kinyume chake. Hata likikaa juu ya bati lako miaka 30, jirani hapati haki ya kuliacha hapo, kwa sababu tawi hukua na kubadilika kila msimu, na kitu kisichotulia hakiwezi kujijengea haki kwa kukaa. Msimamo huu ulitamkwa nchini Uingereza katika kesi ya Lemmon dhidi ya Webb, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1894. Kenya inaufuata kupitia Sura ya 8 ya sheria zetu, ambayo katika kifungu cha 3 inazielekeza mahakama kutumia kanuni za jumla za Kiingereza pale ambapo sheria yetu iliyoandikwa imenyamaza, na kwa kiasi ambacho hali ya nchi na watu wake inaruhusu.

Utajua umefaulu hatua hii ukiwa na kurasa mbili katika daftari lako, moja ya ukuta na moja ya matawi, kila moja na tarehe zake.

## Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kwa utulivu

Piga picha ukiwa umesimama upande wako. Anza na picha pana inayoonyesha nyumba zote mbili, kisha sogea karibu: tawi linapogusa bati, mfereji ulioziba, ufa wa ukuta. Weka utepe ndani ya picha ili umbali uonekane. Andika tarehe, saa, na jina la shahidi aliyekuwepo.

Kuhusu ukuta, tafuta alama za mpaka, yaani bikoni. Mara nyingi ni kipande cha chuma kilichosimikwa katika saruji, kilichofunikwa na mchanga au takataka. Katika mfano wetu bikoni ya mbele ilionekana wazi pembeni mwa njia, lakini ya nyuma haikuonekana. Mama alifagia kwa mkono, akapapasa kwa kijiti, na kiasi cha sentimita 20 chini ya mchanga, nyuma ya banda la kuku, kijiti kikagonga saruji. Alipiga picha, akaufunika tena mchanga, na akaacha kila kitu kama kilivyokuwa.

Alifanya vyema kuacha. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 21, inasema kuharibu, kuondoa au kuchezea alama ya mpaka bila idhini ni kosa la jinai. Ukiichimbua bikoni ili kumwonyesha jirani, umejipa kesi na umeua ushahidi wako mwenyewe, kwa sababu bikoni iliyosogezwa hata kidogo haiaminiki tena.

Jihadhari pia na jambo la pili, ambalo nimeona likiwapotosha hata watu wasomi: kupima mpaka kutoka kwenye ramani kwa rula. Kifungu cha 18 cha sheria hiyo kinaeleza kwamba, isipokuwa daftari linasema mipaka imepimwa na kuwekwa rasmi, ramani huonyesha mpaka kwa makadirio tu. Katika ramani iliyochorwa kwa kipimo cha 1:2500, milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za ardhi. Mstari wa kalamu peke yake unaweza kuumeza ukuta mzima. Ramani hiyo itakuonyesha kiwanja kipi kinapakana na kipi, lakini haitakuambia ukuta umeingia sentimita ngapi.

## Hatua ya 3: Zungumza kwanza, kisha andika

Nenda kwa jirani wakati wa utulivu, baada ya alasiri kwa mfano, si siku ambayo mvua imekumwagikia ndani. Anza na matawi, kwa kuwa ni rahisi kuyakubali, na uache habari ya ukuta iwe ombi la kupima pamoja, bila shutuma. Mtu anayeambiwa kwamba ameiba ardhi hufunga mlango. Mtu anayeombwa kusimama pamoja na mpimaji hana sababu nzito ya kukataa.

Baada ya mazungumzo, hata yakienda vizuri, peleka barua. Si dharau. Jirani anaweza kufariki, kuhama au kuuza, na warithi wake hawakuwepo mlipokunywa kahawa. Mama wa mfano wetu aliandika hivi:

*Assalaam alaykum ami. Natumai u mzima pamoja na watu wa nyumbani. Nakuandikia kukumbusha mazungumzo yetu ya Jumamosi kuhusu matawi ya mwembe wako yaliyofika juu ya bati langu, ambayo majani yake yanaziba mifereji ya maji. Nakuomba kwa heshima uyapunguze katika siku 21 kuanzia leo, au uniruhusu mimi nimlete fundi ayakate kwa upande wangu, na matawi yote na embe zilizomo nikuletee mwenyewe. Pia nakuomba tukubaliane siku ya kumleta mpimaji wa ardhi aturudishie alama za mpaka, wewe ukiwepo. Mimi mwanao, jirani yako.*

Tengeneza nakala mbili na umwombe atie sahihi kwenye yako kuonyesha ameipokea. Akikataa, shahidi wako aandike siku, saa na mahali barua ilipoachwa. Muda wa siku 21 hautokani na sheria yoyote. Niliuchagua kwa sababu unamtosha mtu kutafuta fundi na pesa, na hakimu akiuona hatasema ulimkurupusha.

## Hatua ya 4: Kukata matawi bila kuvunja sheria

Siku 21 zikipita bila jibu, una haki ya kukata mwenyewe, lakini haki hiyo ni nyembamba.

Kata kile tu kilicho juu ya ardhi yako, hadi kwenye mstari wa mpaka, na usipite hapo hata kwa upana wa kiganja. Fundi asimame kwako, ngazi isimame kwako, na msumeno usivuke. Ukiingia kwa jirani bila ruhusa umevamia, hata kama tawi ni lile lile. Ikiwa mpaka wenyewe una ubishi, kama katika mfano huu, kata ukibakiza nusu mita ndani ya upande ambao hakuna anayeubishia. Kukata pungufu kunaweza kurekebishwa, ilhali kilichokatwa kupita kiasi hakirudi.

Matawi yaliyokatwa ni mali ya mwenye mti, pamoja na embe zilizomo. Hapa watu wengi wa kwetu hukosea, kwa kuamini kwamba embe iliyoanguka uani mwako ni yako. Embe hiyo bado ni yake. Mkusanyie na umpelekee, au umjulishe aje achukue. Usizitupe kuni zake upande wake kwa kuzirusha juu ya ukuta, kwa sababu zikivunja kitu, wewe utalipa.

Mizizi inafuata kanuni hiyo hiyo, ila ina hatari kubwa zaidi. Mwembe au mkilifi uliokatwa mizizi mikubwa ya upande mmoja unaweza kulala upepo wa kusi unapoanza, na ukiangukia nyumba ya mtu utaulizwa nani aliyeukata. Mzizi unaopasua msingi wako upelekee barua na picha ya ufa, na umtafute mtu anayejua miti kabla ya kugusa. Mnazi ulioinama juu ya paa lako nao ni wa namna hii: hauna matawi ya kupunguza, na kuukata kwenye mpaka ni kuuua. Kwa mnazi, mwombe mwenyewe aangue nazi na makuti makavu kwa ratiba, na akikataa nenda hatua ya mahakama moja kwa moja.

Kuhusu wakati, kata baada ya embe kuvunwa na kabla ya masika. Mwenye mti hatakuwa na hasara ya mazao ya kukudai, na mifereji yako itakuwa safi mvua itakapokuja.

Ukifaulu, mti utakuwa hai, ncha zilizokatwa zitakuwa zote upande wako wa mpaka, jirani atakuwa amepokea matawi yake, na wewe utakuwa na picha za kabla na baada.

## Hatua ya 5: Kuuthibitisha mpaka

Kwa ukuta hakuna shoka wala nyundo. Hata ukiwa na hakika kwamba umeingia kwako, usiuvunje. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya Sheria ya Adhabu, na ikiwa ukuta huo ndio umekuwa ukitambuliwa kama mpaka, unaweza kuwa alama inayolindwa na kile kifungu cha 21.

Njia ya kwanza ni ya hiari. Mtafuteni mpimaji ardhi mwenye leseni, mgharimikie kwa nusu kwa nusu mkiweza, na awarudishie alama za mpaka nyote mkiwepo. Mwombe ripoti iliyoandikwa yenye mchoro na vipimo. Faida ya kumlipa pamoja ni kwamba hakuna atakayesema mpimaji alinunuliwa.

Njia ya pili ni ya lazima ikiwa jirani anakataa. Andika maombi kwa msajili wa ardhi katika ofisi inayoshughulikia kiwanja chako, ukiambatanisha hatimiliki, upekuzi rasmi, na maelezo mafupi ya mzozo. Msajili huwapa taarifa wenye viwanja vinavyopakana, hufika uwanjani pamoja na mpimaji wa serikali, huwasikiliza wote, kisha huandika uamuzi. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinamwezesha kuuweka mpaka rasmi baada ya upimaji, na kifungu cha 20 kinamwezesha kuamuru ni yupi kati ya majirani atakayeutunza ukuta au ua uliopo mpakani.

Usiiruke hatua hii. Kifungu cha 18(2) kinasema mahakama haitapokea shauri lolote la mzozo wa mipaka ya ardhi iliyosajiliwa mpaka mipaka hiyo iwe imebainishwa kwa utaratibu wa sheria hiyo. Ndipo zinapokwama kesi za wale waliokimbilia mahakamani. Wengine huenda kwa kadhi wakidhani ndiko karibu, lakini Katiba katika ibara ya 170 inampa kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Mzozo wa ukuta kati ya majirani wawili haumo, isipokuwa swali liwe ni nani aliyerithi kiwanja. Chifu na wazee wa mtaa ni wapatanishi wazuri, na Katiba yenyewe katika ibara ya 159 inahimiza upatanisho, lakini chifu hana uwezo wa kuhamisha mpaka, na karatasi yake haiwezi kuchukua nafasi ya uamuzi wa msajili.

Katika mfano wetu, mzee alikubali njia ya kwanza. Mpimaji alivuta uzi kutoka bikoni ya mbele hadi ile ya nyuma ya banda la kuku. Mbele, ukuta ulisimama sawasawa kwenye mpaka. Kadiri uzi ulivyokwenda nyuma, nafasi kati yake na ukuta iliongezeka kidogo kidogo, na mwishoni, mita 30 kutoka mwanzo, ilikuwa sentimita 40 ndani ya kiwanja cha mama. Kipande kilichopotea kilikuwa pembetatu: nusu ya mita 30 mara mita 0.4, sawa na mita 6 za mraba. Mzee alitazama uzi ule kwa muda mrefu bila kusema neno. Fundi wake wa mwaka 2016 aliianza kazi kwenye bikoni sahihi, na alipoikosa ile ya nyuma alikisia kwa macho.

## Hatua ya 6: Kuandika makubaliano yatakayosimama

Mpaka ukishajulikana, yapo machaguo matatu. Ukuta unaweza kuvunjwa na kujengwa upya mahali pake. Kipande kinaweza kuuzwa, lakini hilo linadai upimaji mpya na idhini za ofisi, na gharama yake kwa mita 6 za mraba mara nyingi haina maana. Au mwenye ardhi anaweza kuruhusu ukuta ukae kwa masharti.

Chaguo la tatu linahitaji uangalifu kuliko yote. Ruhusa iliyoandikwa inamlinda mwenye ardhi, kwa sababu anayekaa kwa ruhusa yako hawezi kudai baadaye kwamba alikalia kinyume chako. Kunyamaza kunamlinda jirani. Na barua ya malalamiko peke yake haizuii ile miaka 12 kuhesabika. Kinachoisimamisha ni kufungua shauri, kuirudisha ardhi mkononi mwako kihalali, au jirani mwenyewe kukubali kwa maandishi kwamba yupo hapo kwa ruhusa yako. Nimewaona watu wenye faili nene za barua za malalamiko za miaka 15, wakiamini kwamba kila barua ilikuwa ngao.

Mama na mzee walikubaliana hivi. Nusu ya nyuma ya ukuta, mita 15, ambako mwingilio ni kati ya sentimita 20 na 40, itavunjwa na kujengwa upya kwenye mpaka kwa gharama ya mzee katika miezi sita. Nusu ya mbele, ambayo imekula mita 1.5 tu za mraba, itabaki kwa ruhusa ya mama hadi siku itakapojengwa upya kwa sababu yoyote. Mwembe utapunguzwa kila mwaka baada ya mavuno, na mzee ndiye atakayemlipa fundi.

Makubaliano yaandikwe, yawe na mchoro wa mpimaji kama kiambatisho, yatiwe sahihi na wote wawili, na kila sahihi ishuhudiwe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 3(3), inadai maandishi, sahihi na ushuhuda kwa mkataba wowote unaohamisha haki katika ardhi, na ingawa ruhusa ya kawaida si uhamisho, ni salama kufuata kiwango hicho hicho. Mmoja akiuza, ampe mnunuzi nakala kabla ya fedha kulipwa, maana ruhusa ni kati ya watu wawili na haimfuati mnunuzi yenyewe.

Kabla ya fundi kuanza kumwaga msingi, ulizeni ofisi ya mipango ya kaunti kuhusu kibali. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inadai idhini ya kaunti kwa ujenzi, na ukuta uliojengwa upya bila idhini unaweza kuletewa amri ya kuusimamisha.

## Kwa walio Lamu Mkomani na mitaa ya mawe

Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, una tofauti moja kubwa. Huko ukuta wa mawe na chokaa mara nyingi ni mmoja kwa nyumba mbili, na boriti za dari za kila upande zimeingia ndani yake. Ukuta kama huo hauna upande wa kuvunja. Ukichimba tundu la kupitisha bomba au ukiondoa jiwe moja chini ya boriti, dari ya jirani inaweza kushuka, nawe utawajibika kwa msaada wa ukuta uliomnyima.

Kwa hiyo huko hatua ya 5 huanza na fundi mkongwe wa mawe anayeweza kusema ukuta unabeba nini, ndipo mpimaji. Pia, kwa kuwa mji huo ni eneo lililohifadhiwa, ombeni idhini ya ofisi ya makumbusho pamoja na ile ya kaunti kabla ya kugusa ukuta wa zamani, hata kama majirani wote wawili wamekubaliana.

## Hatua ya 7: Mahakama, ikibidi

Ukiwa na uamuzi wa msajili na jirani bado amekataa, au ikiwa mzozo ni wa matawi tu na mpaka hauna ubishi, sasa mlango uko wazi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inakaa Malindi. Kesi ndogo zaidi husikilizwa na mahakimu walioidhinishwa kusikiliza mashauri ya ardhi, kulingana na thamani, ambapo kikomo cha hakimu mkuu ni shilingi milioni 20. Mahakama ya Madai Madogo haishughulikii umiliki wa ardhi.

Omba vitu mahususi: amri ya kuondoa ukuta katika kipande kilichotajwa kwenye ripoti, zuio dhidi ya ujenzi zaidi, amri ya kupunguza mti, na fidia ya uharibifu kwa kiasi ambacho risiti zako zinaonyesha. Dai la fidia kwa madhara linapaswa kufunguliwa katika miaka 3, ingawa kero inayoendelea kila siku huzaa dai jipya kwa siku hizo za karibuni. Usiombe fidia kubwa ya kukomoa. Hakimu aliyeona barua ya heshima, siku 21, nusu mita uliyojizuia kuikata na embe ulizorudisha, ameshaijua tabia yako kabla hujafungua mdomo.

Nyaraka za kubeba siku ya kwanza ni hizi: upekuzi rasmi wa viwanja vyote viwili, ripoti ya mpimaji au uamuzi wa msajili, picha zenye tarehe, nakala ya barua iliyopokelewa, na risiti. Mama wa Barani hakufika huko. Mwezi wa nne baada ya makubaliano, mzee alimtuma kijana wake kumwambia kwamba mawe yameshafika, na kwamba fundi wa safari hii atavuta uzi kutoka bikoni hadi bikoni kabla ya kuweka jiwe la kwanza.